YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDEO YA JUBILEI YA KWAYA YETU NA TULIVYODHALILISHWA OFISINI KWENU

Katibu wa Kwaya,
Nansio, Ukerewe.
10 Julai 2025

Mkurugenzi,
Ofisi ya Video, Mwanza Mjini.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya kazi yenu unayajua kuliko mimi, kwa kuwa mliyaandika wenyewe na kuyagonga muhuri, hivyo sitayarudia. Ninaandika kwa sababu Jumatatu ya tarehe 30 Juni, ndani ya chumba chenu cha kuhariria, kijana wenu alinipokonya hedifoni masikioni mbele ya wateja na kuniambia: "Mzee, hii ni kwaya ya kisiwani, nani atakaa kuangalia midomo?" Mwalimu wetu wa kwaya, mama wa watu, alikuwa amesimama pembeni yangu.

Nilichokwenda kumwonyesha ni hiki. Flashi mliyotukabidhi tarehe 9 Juni ina ibada nzima ya jubilei yetu, ya saa mbili. Wimbo wa kuingilia, kwenye kamera ya mbele, picha na sauti vimekaa pamoja vizuri, sina neno. Kufika katikati ya ibada, midomo imeanza kutangulia sauti. Wimbo wa mwisho, ule wa ngoma, mtu hahitaji kuwa fundi ili aone: wanakwaya wamefunga midomo na neno bado linatoka kwenye spika.

Sikuja kwa kukisia. Nyumbani nilisimamisha video pale ambapo mpiga ngoma anaonekana kwa karibu, nikaisogeza fremu moja moja kwa kitufe cha mshale. Kijiti kinagusa ngozi ya ngoma, halafu nahesabu: moja, mbili, tatu, hadi nane, ndipo mlio unasikika. Video yenu ina fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni sehemu 4 za mia za sekunde. Fremu 8 ni karibu theluthi ya sekunde. Nikarudi nyuma hadi wimbo ulioimbwa saa ya kwanza ilipokuwa inaisha, nikapata fremu 4. Nusu ya ibada, nusu ya kosa.

Hapo ndipo panaposema ukweli wote. Kama sauti ingekuwa imewekwa vibaya tangu mwanzo, kosa lingekuwa lile lile toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa linalokua taratibu na kwa hatua sawa lina maana mashine mbili zilikuwa zinahesabu muda kila moja kwa saa yake. Rekoda mliyochomeka kwenye miksa na kamera zenu zote zilipangwa kunasa sauti kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, lakini hakuna mashine mbili za bei ya kawaida zinazokwenda sawasawa kabisa. Tofauti yake ni ndogo mno, katika wimbo mmoja huioni, ila ikijikusanya kwa saa mbili inatoka nje. Kijana wenu alilinganisha mara moja pale mwanzo, akaona picha na sauti vimekaa, akaendelea kukata hadi mwisho bila kuangalia tena.

Na dawa yake anaijua kila anayefanya kazi hii. Mimi mwenyewe nimehariri video za harusi hapa Nansio kwa miaka sita, kwa kompyuta moja ya kuazima. Sauti ya miksa haiguswi, ndiyo mama. Unasubiri ukimya kati ya wimbo na wimbo, unakata picha za kamera hapo, unazisogeza fremu moja moja ukiangalia ngoma au mkono wa mwalimu hadi zikae, unaendelea na wimbo unaofuata. Nyimbo zetu zilikuwa 14. Ni kazi ya mchana mmoja.

Niliomba mapema jambo ambalo lingewaepusha na yote haya. Siku yenyewe, tarehe 4 Mei, kabla ya ibada nilisimama mimi mbele ya madhabahu nikapiga kofi moja kubwa, kamera zote tatu zikiwa zinanirekodi na rekoda ikiwa imewashwa. Nikamwambia mpiga picha wenu kwamba ibada ikiisha asizime, nitapiga lingine. Kofi la mwanzo linaonyesha mahali pa kuanzia, la mwisho linaonyesha mashine zimeachana kwa kiasi gani. Ibada ilipoisha nikakimbia mbele, nikamkuta anakunja stendi. "Mzee, tutaikosa meli." Kama lingekuwepo kofi hilo, nisingehitaji kuhesabu vijiti vya ngoma usiku wa manane.

Kamera ya nyuma ina kosa lake peke yake, na hilo lipo tangu wimbo wa kwanza. Iliwekwa roshani, na kutoka kwa wanakwaya hadi pale ni meta 30, nimezipima. Sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni ya kamera ile ilisikia kila neno likiwa limechelewa kama fremu 2, lakini macho ya kamera hayachelewi. Mkiiambia kompyuta ilinganishe mawimbi ya sauti ya kamera hiyo na ya miksa, inaivuta kamera nzima mbele ili sauti zilingane, na picha inatangulia. Ndiyo maana kila mnapokata kutoka kamera ya mbele kwenda ya nyuma, mikono ya waimbaji inaruka. Kuirudisha nyuma fremu mbili ni kubonyeza kitufe mara mbili, Ndugu Mkurugenzi. Mara mbili tu.

Sasa narudi chumbani mwenu, kwa sababu nimelala na jambo hili siku kumi.

Tulipanda meli, zaidi ya saa tatu majini, mimi na mwalimu. Hiyo ilikuwa mara ya pili, maana tarehe 16 Juni tulikuja tukaambiwa mhariri ametoka. Safari hii ya pili tulikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana. Nilipoingia nilimwomba kwa adabu kijana wenu afungue beti la tatu la wimbo wa mwisho. Beti hilo linaimbwa na bibi yetu mmoja mwenye umri wa miaka 71, mmoja wa wale walioanzisha kwaya mwaka 2000. Analiimba peke yake, kwa Kikerewe, wenzake wakiitikia chini chini. Ndilo beti ambalo watu wa Nansio walilisubiri miaka 25. Kwenye flashi yenu, bibi anaanza akiwa ameonyeshwa kutoka roshani, mdogo kama punje, mdomo ukiwa mbele ya sauti kwa fremu 10, kosa la saa na kosa la umbali vimepandana. Halafu katikati ya neno, si mwisho wa mstari, wala si anapovuta pumzi, picha inakatwa kwenda meza ya wageni, ambako mtu anafungua chupa ya maji. Inakaa hapo hadi bibi amemaliza.

Kamera ya mbele ilikuwa imemshika bibi kifuani kwenda juu, beti zima, bila kutikisika. Najua kwa sababu nilikuwa nyuma ya mpiga picha nikiona kwenye kioo chake. Engo ilikuwepo! Kulikuwa na kazi gani nyingine pale zaidi ya kumwacha bibi aimbe, kukata picha anapovuta pumzi, na kwenda kwenye picha pana pale kwaya nzima inapopokea na kupiga hatua pamoja? Picha pana ni ya hatua za pamoja. Mtu akiimba peke yake anatazamwa usoni.

Nikamwambia hivyo, kwa maneno haya haya. Nikavaa hedifoni nimwonyeshe. Hakufungua faili la kamera ya mbele. Akacheza wimbo wa kwanza, akasema, "Si unaona iko sawa?" Nikamwambia, mwanangu, wa kwanza ni sawa, nenda wa mwisho. Hapo ndipo aliponyoosha mkono akaivuta hedifoni kichwani kwangu. Waya ukanasa miwani yangu, miwani ikaanguka sakafuni. Akasema maneno yale ya kwaya ya kisiwani na midomo. Wateja wanne walikuwepo wakisubiri video zao, mmoja akacheka. Mwalimu wa kwaya, mama aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa wetu, akainama akaniokotea miwani. Hakuna mtu wa ofisi yenu aliyesema pole. Dada wa mapokezi alituona tukitoka, akainamisha macho kwenye simu yake. Njia nzima melini mwalimu hakuongea.

Tarehe 16 Juni tulikuwa tunaomba marekebisho tu, na tungerudi nyumbani tukiwashukuru. Sasa tunadai yafuatayo. Video ihaririwe upya, bure, na mtu mwingine, kila wimbo ulinganishwe kivyake na beti la bibi litumie kamera ya mbele. Katika shilingi 1,800,000 tulizolipa zote kabla ya kuona kazi, turudishiwe nusu. Mwalimu wetu aandikiwe barua ya kuombwa radhi, yenye jina la aliyetenda na sahihi yako.

Na tupewe mafaili yote asilia ya kamera tatu na ya rekoda. Hili haliwezi kusubiri, kwa sababu masharti yenu yanasema mnafuta baada ya siku 90, na kwa hesabu yangu ni tarehe 2 Agosti. Mkishafuta, bibi hawezi kuimba tena siku ile. Hata msipotaka kuhariri, nitahariri mwenyewe kwa ile kompyuta ya kuazima, na hapo mtarudisha fedha yote, si nusu.

Ninawapa hadi Alhamisi tarehe 24 Julai. Siku hiyo ikipita kimya, tarehe 25 nafungua madai Mahakama ya Mwanzo, nikiwa na mkataba, risiti, flashi yenu na karatasi niliyoandika fremu kwa kila wimbo. Faili hata moja likionekana limefutwa kabla ya hapo, sitaishia kudai nusu wala yote, nitadai na gharama ya kufanya ibada nyingine pamoja na nauli zetu zote za meli.

Anayeleta barua hii ni mtunza hazina wetu. Amekuja na diski mpya ya terabaiti moja, na ameagizwa akae kwenye lile benchi hadi mafaili yaishe kunakiliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa Kwaya

Nakala: Mwalimu wa Kwaya, Mwenyekiti wa Kamati ya Jubilei