Mota inanguruma lakini haizunguki: kasoro iko kwenye muda wa kuzima

Mteja mmoja aliturudishia kidhibiti cha mota akiwa na hakika kwamba kimekufa. Alikuwa akiendesha mkanda mdogo wa kusogeza chupa kwa mota ya volti 12 yenye giaboksi. Akiweka kasi asilimia 30, mota inanguruma tu. Akipandisha taratibu, hakuna kitu mpaka afike karibu asilimia 40, kisha mkanda unaruka ghafla na chupa zinaanguka. Kupunguza kasi baada ya hapo nako hakumsaidii, kwani mkanda unaendelea kwenda mbio kuliko alivyotaka, halafu unasimama ghafla.

Tulikipima kidhibiti kwenye meza yetu, kikawa kizima kabisa. Mota nayo nzima. Waya zake aliziunga vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye mistari miwili ya programu, na kwa kuwa tunaletewa tatizo hili mara kwa mara tumeona tulieleze hapa lote.

Daraja la H ni swichi nne za transista, na mota imekaa katikati kama kistari cha herufi H. Washa swichi ya juu kushoto na ya chini kulia, mkondo unapita mota upande mmoja. Washa zile nyingine mbili, mota inageuka. Ukiwasha ya juu na ya chini za upande uleule kwa pamoja, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na transista zinaungua. Vidhibiti vilivyojengwa ndani ya chipu moja huzuia hilo vyenyewe, kwa hiyo wewe unabaki na pini mbili tu za kuamuru, IN1 na IN2. Kasi unaipata kwa kuwasha na kuzima haraka sana: mapigo yakiwa mapana mota inaenda kasi, yakiwa membamba inaenda polepole.

Wengi huishia hapo. Wanapeleka mapigo kwenye IN1, wanaiacha IN2 sifuri, na wakitaka kurudi nyuma wanabadilisha. Ndivyo mteja wetu alivyofanya. Swali ambalo hakujiuliza ni hili: pigo linapozima, mota inafanywa nini?

Chipu yake ilikuwa DRV8871, na amri zake ni nne. IN1 ikiwa juu na IN2 chini, mota inaenda mbele. Kinyume chake, inarudi nyuma. Zote mbili zikiwa juu, daraja linaunganisha ncha mbili za mota pamoja, na hiyo ni breki. Zote zikiwa chini, swichi zote nne zinafunguka na mota inaachiwa huru. Kwa hiyo yule anayepeleka mapigo kwenye IN1 huku IN2 ikiwa sifuri anaisukuma mota, kisha anaiachia, anaisukuma, anaiachia. Anayeshikilia IN1 juu na kupeleka mapigo kwenye IN2 anaisukuma kisha anaifunga breki, tena na tena. Mota ileile na pini zilezile, lakini tabia mbili tofauti kabisa.

Tuichukue mota ya mteja huyu kama mfano. Ukinzani wa nyaya zake ulikuwa omu 4, kwa hiyo ikiwa imesimama na kupewa volti 12 zote, inavuta ampea 3. Mkondo haupandi papo hapo, kwa sababu koili inaupinga. Tuseme kwa mota ya ukubwa huu inachukua kama nusu milisekunde kufika theluthi mbili ya njia. Kompyuta ndogo ya Arduino Uno, kwenye pini ya 9 na ya 10, hutoa mapigo 490 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 2 hivi. Kwa asilimia 30, umeme unawaka kwa milisekunde 0.6, na mkondo unapanda hadi karibu ampea 2.1.

Sasa umeme unazima. Swichi zikifunguka zote, mkondo uliomo kwenye koili lazima upite mahali, nao unapita kwenye dayodi na kurudi kwenye chanzo cha umeme. Maana yake, koili inakutana na volti 12 zinazoisukuma kinyume. Mkondo unaisha ndani ya takriban milisekunde 0.3, na muda wote uliobaki, zaidi ya milisekunde moja, mota haina mkondo wowote. Ukipiga wastani unapata kama ampea 0.5.

Kwa njia ya breki, mkondo hauna volti za kuupinga. Unazunguka ndani ya koili na swichi mbili, ukipungua taratibu, na pigo linalofuata linaukuta bado upo. Wastani wake ni hesabu nyepesi: asilimia 30 ya ampea 3, yaani 0.9. Nguvu ya kuzungusha ya mota hufuata mkondo, kwa hiyo kwa kasi ileile iliyoandikwa kwenye programu, breki inatoa karibu mara mbili ya nguvu. Mkanda wa mteja ulihitaji ampea 0.7 hivi ili uanze kusogea. Hapo ndipo siri ya ule mngurumo ilipo.

Na kuruka je? Kitu kilichosimama kina msuguano mkubwa kuliko kinachosogea. Mara mkanda unapoachia, nguvu inayobaki inauharakisha. Katika njia ya kuachia huru hakuna kinachouzuia, maana wakati wa kuzima mota haishikwi na chochote. Ikiwa mzigo ni mwepesi, kasi inapanda mbali kupita kiwango ulichoandika. Katika njia ya breki, mota ikijaribu kwenda mbio kuliko volti za wastani unazoipa, breki yenyewe inaivuta nyuma. Kwa sababu hiyo asilimia 30 inakuwa kweli karibu na asilimia 30 ya kasi, na asilimia 60 karibu na 60.

Marekebisho yalikuwa haya:

```
void endesha(int kasi) {   // -255 hadi 255
  if (kasi >= 0) {
    analogWrite(9, 255);          // IN1
    analogWrite(10, 255 - kasi);  // IN2
  } else {
    analogWrite(9, 255 + kasi);
    analogWrite(10, 255);
  }
}
```

Angalia kwamba mapigo yamegeuzwa: kasi ikiongezeka, pigo la pini ya pili linakuwa jembamba. Kasi ikiwa sifuri, pini zote ziko juu na mota imefungwa breki. Mkanda ulianza kusogea chini ya asilimia 30, na ukawa unaongezeka bila kuruka.

Kabla hujanakili hiyo, jua kidhibiti chako ni cha aina gani. L298N, na ile bodi maarufu yenye chipu mbili za BTS7960, zikiwa zimewashwa na pini mbili za mwelekeo ziko chini, zinafunga breki, haziachii. Kwa hizo, mapigo upande mmoja na sifuri upande wa pili tayari ni njia ya breki. Ukipeleka mapigo kwenye pini ya kuwasha ndipo unaiachia mota huru. Jedwali la amri kwenye karatasi ya maelezo ya chipu ndilo lenye jibu, na ni jambo la dakika moja kulisoma. Kama karatasi huna na transista zake ni za mosfeti, washa kidhibiti, weka pini zote mbili chini, na uzungushe shafti ya mota isiyo na giaboksi kwa vidole. Ikiwa nzito kuliko inapokuwa imechomolewa waya, hiyo ni breki.

Kuna kosa moja tunaloliona kwa wale wanaojaribu kuondoa ule mlio wa mota. Wanasikia kwamba mapigo 20,000 kwa sekunde hayasikiki kwa masikio, jambo ambalo kwa watu wengi ni kweli, wanapandisha, na mota inapoteza nguvu zote. Rudi kwenye hesabu yetu. Katika njia ya kuachia huru, kwa asilimia 30, umeme sasa unawaka kwa mikrosekunde 15 tu. Mkondo haufiki hata ampea 0.1 kabla haujasukumwa kurudi sifuri, na wastani unakuwa chini ya ampea 0.03. Mota iliyosimama haitasogea mpaka uvuke nusu. Kwa njia ya breki, wastani unabaki 0.9 uleule na mlio unaondoka. Badilisha njia kwanza, ndipo upandishe mapigo.

Kwenye Uno, pini ya 9 na ya 10 zinatumia saa moja ya ndani, kwa hiyo mapigo yake yanakwenda sambamba:

```
pinMode(9, OUTPUT); pinMode(10, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(COM1B1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 400;
```

Baada ya hapo usitumie tena `analogWrite` kwenye pini hizo. Andika thamani ya 0 hadi 400 kwenye `OCR1A` na `OCR1B`, na 255 zote za mfano wa kwanza zigeuke 400. Maktaba ya `Servo` nayo inatumia saa hiyohiyo, hivyo viwili hivyo havikai pamoja.

Jambo la mwisho ni kugeuza mwelekeo, maana hapo ndipo vidhibiti vinaungua kweli. Mota inayozunguka ni jenereta. Ile ya mteja wetu ikiwa kasi kamili inazalisha yenyewe volti kama 10 zinazopingana na 12 za chanzo, na ndiyo sababu inavuta mkondo mdogo. Ukigeuza ghafla, hizo 10 zinaungana na 12. Volti 22 kwenye omu 4 ni ampea 5.5, wakati DRV8871 imetengenezwa kwa kilele cha 3.6. Chipu hiyo ina ulinzi wa kukata mkondo, lakini daraja ulilojiundia kwa transista tupu halina. Shusha kasi hatua kwa hatua hadi sifuri, kwa robo au nusu sekunde kulingana na uzito wa mzigo, kisha uongeze kasi upande wa pili.

Hata kushusha kuna mipaka. Ukishusha haraka mno kwa njia ya breki, nishati ya mzigo unaozunguka inarudi kwenye chanzo. Betri inaipokea, adapta nyingi haziwezi, na volti zinapanda. Dalili yake ni adapta kujizima au kompyuta ndogo kujiwasha upya kila mota inapopungua kasi. Multimita ya kawaida haiwezi kukuonyesha mruko mfupi hivyo isipokuwa iwe na kitufe cha kushika kilele. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1,000 karibu kabisa na daraja, yenye volti mara mbili ya chanzo, kisha refusha muda wa kushusha.

Ukituletea kidhibiti cha namna hii, tuletee na mota yenyewe, programu unayotumia na adapta uliyoiungia. Kile cha mteja wa mkanda tulimrudishia bila kubadilisha hata kifaa kimoja ndani yake.