Barua kwa Ambakisye kuhusu mpangaji wa Isyesye

Isyesye, Mbeya
12 Oktoba

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile! Huku hatujambo, baridi imepungua na watu wanaandaa mashamba wakisubiri mvua. Ujumbe wako kuhusu Mwalimu, mpangaji wako, niliupata, na nyumba nimekwenda kuikagua kama ulivyoniomba. Unauliza kama mkataba ukiisha 31 Desemba umwongezee, au umwache aende uweke mtu wa kulipa 320,000 kwa mwezi. Mimi nasema mwongezee, umpandishie kutoka 250,000 hadi 270,000, lakini kabla hujamtajia bei hiyo upeleke fundi kwenye ukuta wa chumba cha nyuma.

Nianze na pesa. Hiyo 320,000 ni bei ya mdomoni. Nyumba ya vyumba vitatu iliyo jirani na yako ndiyo ilitangazwa hivyo, ikakaa tupu tangu kiangazi kinaanza, na aliyeingia mwishowe ameniambia mwenyewe kwamba analipa 290,000. Hiyo ndiyo bei ya mtaa kwa sasa. Basi ukimwacha Mwalimu kwa 270,000 unakosa 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Sasa akiondoka, nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu umepoteza 290,000. Rangi ya ndani, vitasa vipya na ufundi havitapungua 400,000, maana nimeziona kuta. Jumla 690,000. Kwa ile nyongeza ya 240,000 kwa mwaka, itakuchukua karibu miaka mitatu kuirudisha, tena kama huyo mgeni analipa kwa wakati kama Mwalimu.

Najua utaniambia kwamba hata yeye kuhama kunamuuma. Kweli. Atampa dalali kodi ya mwezi mzima, atakodi gari la kuhamisha vyombo, na kule aendako watamdai miezi sita mbele kwa mkupuo. Kwa hiyo ukimbana kwa 290,000 huenda akakubali. Lakini atakubali huku anatafuta kwingine kimyakimya, na mtu aliyekwisha kuihama nyumba moyoni hakuambii kwamba bomba la chini ya sinki limeanza kuvuja. Ubora wa Mwalimu kwangu uko hapo hasa. Wanaolipa kodi kwa tarehe ni wengi. Anayekutumia picha ya tatizo likiwa bado dogo ni nadra, nawe unaishi Dar.

Sasa huo ukuta. Uliniambia unadhani unyevu wake unatokana na uzembe wa Mwalimu wa kutofungua madirisha, kwa hiyo apake rangi mwenyewe. Nimeukuta una matatizo mawili, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza liko nyuma ya kabati. Pale kuna ukungu mweusi wa madoadoa, umeanzia usawa wa kifua kwenda juu, na plasta chini yake ni ngumu kabisa. Ule ni ukuta wa kusini, ambao Juni na Julai haupati jua. Kabati limegandishwa ukutani, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, pumzi za watu waliolala zinageuka maji kwenye ukuta ulio baridi. Hilo ni la matumizi. Nimemwomba asogeze kabati kiasi cha kiganja, afungue dirisha mchana, na aufute ukungu kwa maji yenye dawa ya klorini. Amekubali bila neno.

La pili liko chini, kuanzia sakafuni hadi chini kidogo ya goti. Pale rangi imevimba, ukiikwangua kwa ukucha inadondoka na unga mweupe wa chumvi. Ili nisibishane na mtu, nilibandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Maji yangetokea upande wa chumbani, ningesema ni hewa ya ndani. Yametokea kwa nyuma, kati ya nailoni na ukuta, na chumbani kukavu. Maana yake ukuta wenyewe unanyonya maji. Nilipozunguka nje nikaona sababu: udongo uliobaki wakati wa kujenga uzio umerundikwa hapo hadi juu ya msingi, na maji ya jikoni yanamwagikia papo hapo. Hilo ni lako, ndugu yangu. Mpangaji akipaka rangi leo, mvua za Januari zitaivua.

Fundi ameniambia 180,000: kuondoa udongo hadi msingi uonekane, kutengeneza mfereji wa saruji wa kupeleka maji mbali na ukuta, kubandua plasta iliyooza na kuiacha ikauke kabla ya kupiga mpya. Kukauka ndiko kunakotaka muda, kwa hiyo aanze mwezi huu. Mvua zikishika Novemba, tutapiga plasta juu ya ukuta mbichi.

Mkataba wenu wa zamani unasema “matengenezo madogo yatafanywa na mpangaji”, basi. Udogo hauna kipimo pale. Ana risiti za 145,000 za kitasa cha mlango wa mbele, koki mbili na kazi ya fundi umeme aliyebadilisha waya ulioungua, na hakukudai kwa kuwa hakujua kama ni haki yake. Waya wa ndani ya ukuta ni wako, na kitasa kilichoisha meno kwa uzee pia ni chako. Ningekuwa wewe ningempunguzia yote kwenye kodi ya miezi sita ijayo na kuandika kwenye stakabadhi kwamba ndiyo sababu.

Mkataba mpya uweke kiasi. Mimi ningeandika hivi: kitu kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida, gharama isiyozidi 30,000 kwa mara moja, ni cha mpangaji, ikizidi, yote ni ya mwenye nyumba. Alichovunja yeye au mgeni wake ni chake hata kama ni laki. Paa, kuta, msingi, nyaya na mabomba yaliyofukiwa, pamoja na kunyonya shimo la choo, ni vya mwenye nyumba. Na kwa dharura, kama bomba limepasuka usiku nawe simu haipatikani, aruhusiwe kutumia hadi 100,000, atume picha na risiti, ikatwe kwenye kodi. Bila kipengele hicho atasubiri jibu lako huku maji yanaingia sebuleni.

Kuna kodi ya jengo pia. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yako. Anayenunua umeme ni yeye, lakini mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye jengo. Ni 18,000 kwa mwaka. Irudishe wazi kwenye hesabu ya kodi ya pango.

Ukiniuliza muda, mpe miaka miwili: 270,000 mwaka wa kwanza, 285,000 wa pili, vyote viandikwe sasa. Mwandikie kabla Oktoba haijaisha na umwombe jibu katikati ya Novemba, ili kama hataki tupate mtu kabla ya Januari.

Fundi anataka nusu ya pesa kwanza, 90,000. Ukinitumia wiki hii nitasimama naye mwenyewe Jumatatu. Mke wangu anamsalimu sana shemeji, na gunia la viazi nitalipakia kwenye basi mara tu tukivuna.

Wako,
Baba Lusajo