Kwa nini sampuli ya choo iliyofungwa vizuri hutoa jibu la uongo

Mara nyingi wateja wetu wa zahanati za milimani hutuuliza kwa nini tunawauzia kichupa chenye jeli iliyofanana na uji mwepesi wa wanga, ilhali wana makopo safi ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa kopo lile halivuji, halinuki na bei yake ni ndogo. Hata hivyo, kopo linazuia kinyesi kutoka tu, halizuii vimelea kufa ndani yake. Kwa mgonjwa anayeharisha damu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maabara itapata cha kuotesha.

Kimelea kinachotusumbua zaidi katika kazi hii ni Shigela, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha kuhara damu kwa watoto. Ndani ya utumbo ni mkali mno, kwa maana vimelea kumi hadi mia moja vinatosha kumwangusha mtu. Akishatoka nje ya mwili, anakuwa dhaifu kuliko karibu vimelea wenzake wote wa choo. Kinyesi kinapokaa kwenye kopo, bakteria wa kawaida wa utumboni wanaendelea kula na kuzaana, na katika kula kwao wanatoa asidi. Shigela hawezi kuvumilia asidi hiyo. Kwa sababu hiyo, choo kisichowekwa kwenye jeli kinatakiwa kifike mikononi mwa mtaalamu wa maabara ndani ya saa mbili. Kutoka Lushoto hadi Tanga mjini, basi peke yake huchukua muda wa karibu saa nne, bila kuhesabu ule wa kusubiri abiria stendi.

Kichupa chetu kina jeli iitwayo Cary-Blair, kwa majina ya wataalamu wawili walioitoa mwaka 1964. Kabla yao ilikuwapo jeli nyingine ya kusafirishia sampuli, lakini ndani yake mlikuwa na kiambato ambacho baadhi ya bakteria wa utumboni waliweza kukigeuza chakula, wakaongezeka njiani na kuwafunika wale waliokuwa wakitafutwa. Cary na Blair walikiondoa, wakaweka fosfeti ya kawaida ambayo bakteria hawanufaiki nayo kwa chakula, na wakapandisha pH hadi 8.4 ili asidi itakayotolewa njiani izimwe mapema. Pia waliweka thioglikoleti ya sodiamu, inayopunguza oksijeni, pamoja na agari kidogo ya kufanya mchanganyiko ugande nusu nusu, ili swabu, yaani kijiti chenye pamba kinachochovywa kwenye choo, isikauke na kilichomo kisichuruzike. Kwa ufupi, jeli hii haikusudiwi kuwakuza vimelea. Inawaweka katika hali ya njaa isiyoua, wote kwa pamoja, mpaka wafike.

Mwaka jana tulipata mfano ambao tangu hapo tunauelezea kila tunapopeleka mzigo mpya. Zahanati moja, ambayo hatutaitaja, ilimpokea mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akiharisha damu na kamasi tangu usiku. Mhudumu alichukua choo saa mbili asubuhi, akakiweka kwenye kopo safi, akalifunga kwa mifuko miwili na kumkabidhi kondakta. Basi liliondoka saa sita mchana. Juu Lushoto kulikuwa na ubaridi wa Juni, lakini ukishashuka kona zile mpaka Mombo joto linakupokea, na kopo lilikuwa kwenye buti ya gari. Lilifika Tanga saa kumi na moja jioni, wakati wahusika wameshaondoka, likalala kaunta, na kesho yake saa tatu asubuhi ndipo choo kilipopandwa kwenye sahani za agari. Kilikuwa na umri wa saa ishirini na tano. Jibu lilisema kwamba Shigela na Salmonela hawakuota.

Siku mbili baadaye dada yake mtoto yule, mwenye miaka sita, alianza dalili zilezile. Safari hii zahanati ilikuwa na vichupa vyetu vilivyofika wiki ileile. Mhudumu alichovya swabu kwenye sehemu ya choo iliyokuwa na damu na kamasi, akaizungusha mpaka pamba yote ikaloa, akaizamisha mpaka chini ya jeli, akavunja kijiti palipo na alama ili kifuniko kifunge sawasawa, kisha akakitia kichupa kwenye boksi lenye pakiti za barafu. Mtoto alipewa dozi ya kwanza ya dawa baada ya hapo. Basi lilikuwa lilelile, buti ileile, na sampuli ililala Tanga usiku uleule mrefu, ila mlinzi aliweka boksi lote kwenye friji kama tulivyomwomba. Sahani zilimuotesha Shigela, na kipimo cha dawa kikaonyesha kwamba kotrimoksazoli haimuui huku siprofloksasini ikimuua. Daktari alikuwa na jibu la kufanyia kazi.

Hatuwezi kudai kwamba kaka naye alikuwa na Shigela, maana sampuli yake ilishapotea. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Sampuli iliyofia njiani haionekani kuwa imeharibika. Sahani inajaa bakteria wa kawaida wa utumboni, tena kwa wingi, na mtaalamu anayesoma matokeo hana alama yoyote ya kumwambia kwamba anayetafutwa alikuwepo jana. Anaandika kwamba hakuota, naye amesema kweli. Kinachoweza kumwamsha ni saa ya kuchukua sampuli ikiwa imeandikwa kwenye fomu ya maombi, pamoja na neno moja la kama mgonjwa alishameza antibayotiki. Tunaomba sana sehemu hizo mbili zisiachwe wazi, kwa kuwa tunapokea fomu nyingi zenye jina la mgonjwa na saini ya mganga tu.

Jambo la baridi linahitaji uangalifu, kwa sababu wateja wengi wameshazoea kwamba kila cha maabara huwekwa kwenye barafu. Shigela akiwa ndani ya Cary-Blair anahitaji ubaridi wa nyuzi joto 4 hivi, bila kugandishwa, na apandwe ndani ya saa arobaini na nane. Kimelea cha kipindupindu kina tabia iliyo kinyume. Kinaishi vizuri sana kwenye jeli hii, kwa kuwa chenyewe hupenda mazingira yasiyo na asidi, lakini baridi hukidhoofisha upesi. Choo cha maji kama ya mchele, kinachoshukiwa kipindupindu, kisafiri kikiwa kwenye kichupa chake, kivulini, bila barafu. Pale ambapo dalili hazimwelezi mhudumu ni ugonjwa upi, ushauri wetu ni kuchukua vichupa viwili, kimoja kiende na barafu na kingine bila barafu, kila kimoja kikiwa kimeandikwa. Ni gharama ya ziada, na tunaelewa kwamba ushauri huo ukitoka kwa muuzaji unaweza kutiliwa shaka, lakini bado ni nafuu kuliko kumrudisha mgonjwa kutoka kijijini.

Katika kambi za kipindupindu tumekutana na kosa jingine, nalo ni kuchukua choo kutoka kwenye ndoo iliyokwisha kutiwa klorini. Ndoo ile inatakiwa iwe na klorini, hakuna ubishi, ila sampuli ichukuliwe kwenye chombo safi kilichosuuzwa kwa maji ya kawaida kabla dawa haijamiminwa. Ikiwa choo hakipatikani, swabu ya njia ya haja kubwa inakubalika. Ilowanishwe kwanza kwenye jeli, iingizwe taratibu sentimita mbili au tatu, izungushwe, na ikitoka iwe na rangi ya kinyesi inayoonekana kwa macho. Swabu inayotoka nyeupe haijabeba kitu, irudiwe hapohapo.

Kichupa hiki kina mipaka yake. Hakifai kwa kutafuta amiba kwa darubini, kwa kuwa amiba hai huonekana kwenye choo kibichi kilichotazamwa ndani ya nusu saa hivi, wakati bado anatembea. Tunalitaja hili kwa sababu katika maeneo yetu kila kuhara damu huitwa amiba, na chembe nyeupe za damu zinazojaa kwenye choo cha mgonjwa wa Shigela zimewahi kusomwa kuwa amiba na macho yaliyochoka. Wateja wanaotafuta yote mawili watume choo kilichogawanywa, sehemu moja itazamwe palepale zahanati, nyingine itiwe kwenye jeli.

Vilevile, kichupa cha Cary-Blair hakikuandaliwa kwa ajili ya swabu za usaha wa kisonono. Kwa hizo tunatoa swabu za Amies zenye mkaa, jeli iliyotolewa mwaka 1967. Kimelea cha kisonono huuawa na mafuta yaliyomo kwenye pamba ya kawaida, na mkaa ule hunyonya sumu za namna hiyo. Ncha ya swabu yenyewe tunaagiza ya rayoni. Swabu hizi zisiwekwe kwenye barafu hata kidogo, na zipandwe siku hiyohiyo inapowezekana, kwani baada ya saa ishirini na nne matumaini hupungua mno.

Kichupa kizuri cha Cary-Blair kinaweza kukaa kabatini mpaka mwaka mmoja bila friji, iwapo kifuniko hakijalegea. Kabla ya kukitumia, kiinue kwenye mwanga. Jeli iliyopungua ikaacha nafasi pembeni, iliyopasuka, iliyobadilika rangi au yenye mawingu ya ukungu isitumike, hata kama tarehe ya kibandiko bado haijapita. Turudishieni, tutabadilisha bila malipo, na tungependa kujua ilikaa wapi, maana mara mbili tumegundua kwamba kabati lilikuwa chini ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Katika kila toleo tunalopokea, maabara moja ya mjini hutuchovyea vichupa viwili kwa Shigela anayejulikana, inavihifadhi siku moja kwenye friji, kisha inamwotesha upya. Asipoota, toleo lote hatuliuzi.

Gari letu hupita Lushoto, Soni na Mombo kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na sampuli zinazokabidhiwa kabla ya saa nne asubuhi hufika maabara kabla haijafungwa. Ijumaa hatupokei sampuli za kuotesha. Baadhi ya wateja wamelalamika, lakini sampuli ya Ijumaa ambayo ikikosa kupandwa jioni itapandwa Jumatatu itakuwa imepitwa na zile saa arobaini na nane, na hatutaki kumtoza mtu nauli ya sampuli ambayo tunajua itafika imekufa. Mgonjwa wa Ijumaa aelekezwe hospitali iliyo karibu yenye maabara inayofanya kazi mwisho wa wiki, na kichupa tutampatia aende nacho mkononi.