Shamba lililolazwa lihesabiwe kuwa shamba

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kilimo cha kuhamahama na ufugaji wa kuhamahama ilihitimisha kwamba mifumo hii miwili inakufa kwa sababu wenyewe hawajui kutunza ardhi. Mwandishi wenu ameona mashamba yaliyochoka na malisho yaliyoliwa hadi mizizi, na hayo sibishi. Ninachobisha ni kipi kilitangulia. Katika maeneo mengi ardhi ilipunguzwa kwanza, ndipo ikachoka.

Tuanze na mkulima, kwa hesabu ndogo ya mfano. Kaya inalima hekta 1 kila mwaka. Inafyeka, inachoma, inalima kwa miaka 2, kisha inalilaza shamba miaka 14 na kuhamia kipande kingine. Mzunguko mzima unachukua miaka 16, kwa hiyo kaya inahitaji vipande 8 vya hekta moja moja. Wakati wowote utakapopita utakuta kipande kimoja kina mazao na saba vina vichaka au miti. Mpima ardhi anaandika hekta 1 ya shamba na hekta 7 za pori. Hizo 7 ndizo ghala la mbolea la kaya hiyo.

Ardhi inapolala, mizizi ya miti huvuta madini kutoka chini ambako mizizi ya nafaka haifiki, na majani huyarudisha juu yanapopukutika. Kivuli nacho kinayanyima magugu mwanga. Siku ya kuchoma, naitrojeni nyingi hupotea na moshi, lakini kalisi, potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, na majivu hayo hupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Moto pia huua mbegu nyingi za magugu zilizo juu juu. Ndiyo maana mwaka wa kwanza mkulima huvuna vizuri bila kununua mbolea na bila palizi ya kuvunja mgongo. Kufikia mwaka wa tatu mara nyingi ni magugu yanayomfukuza, hata kabla rutuba haijaisha: saa za palizi zinazidi mikono aliyonayo.

Sasa zichukuliwe hekta 4 kati ya zile 8, kwa mwekezaji, hifadhi au shamba la miti. Vinabaki vipande 4, mzunguko wa miaka 8, na ardhi inalala miaka 6 tu. Watoto wawili wakigawana hicho kilichobaki, kila mmoja akalima hekta yake, ana vipande 2, na ardhi inalala miaka 2. Miaka 2 haitoshi kwa mti. Kinachoota ni nyasi na vichaka vifupi, ambavyo vikichomwa vinatoa majivu ya kujaa kiganja tu, na mbegu za magugu zinabaki hai udongoni. Dalili zake zinajulikana: visiki havichipui tena, nyasi ngumu zinatawala mahali pa miti, na kwenye mtama au mahindi kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kinaanza kuonekana. Mkulima anafidia mavuno madogo kwa kufyeka eneo kubwa zaidi. Hapo ndipo mgeni anapofika na kamera yake.

Kaskazini mwa Zambia Wabemba wana mtindo wao uitwao chitemene. Hukata matawi ya miti katika eneo kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe, huyarundika katikati, huyachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Shina huachwa limesimama ili lichipue. Anayeliona eneo hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni uharibifu mtupu, lakini ni mfumo uliopimwa, na kipimo chake ni nafasi. Unahitaji watu wachache kwenye eneo kubwa. Idadi yao ikiongezeka matawi hukatwa kabla hayajakomaa, na hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa hesabu. Nakubali basi kwamba si kila mzunguko uliofupika umefupishwa na mnyang'anyi. Kuzaliana kwa watu nako kunaufupisha.

Kwa mfugaji jambo ni lile lile, ila yeye hutumia sehemu tofauti za nchi kwa misimu tofauti, na sehemu hizo hazilingani kwa thamani. Mfano bora ninaoujua ni wa Wabarabaig wa Hanang, Tanzania. Tambarare za Basotu zilikuwa na malisho mazuri kuliko yote waliyonayo, na mifugo ililetwa huko wakati wa mvua. Ng'ombe waliponona huko, nyasi za miinukoni na kandokando ya maziwa zilipata muda wa kukua na kutoa mbegu. Tambarare zikikauka, makundi yalirudi kwenye nyasi zilizokwisha kupumzika.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba ya ngano hapo kwa msaada wa Kanada, hadi yakafikia ekari zipatazo 100,000. Kwenye ramani ya wilaya hiyo ni sehemu ndogo, na waliopanga bila shaka waliona wafugaji wamebakiziwa nyingi. Lakini ng'ombe waliokosa pa kwenda wakati wa mvua walibaki kwenye miinuko mwaka mzima. Nyasi za kudumu zilizozoea kupumzika msimu mmoja zikaliwa zikiwa bado changa, kila mara, hadi zikapungua. Nafasi yake huchukuliwa na nyasi za mwaka mmoja, ambazo hukauka mapema na kuacha ardhi wazi mvua inapoanza tena. Anayepiga picha miinukoni anasema mifugo imezidi. Haulizi ilikuwa ikienda wapi zamani.

Wanakijiji wa Mulbadaw, huko huko Hanang, waliishtaki NAFCO mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo. Kutumia kwa msimu, vizazi kwa vizazi, hakukutosha kuwa ushahidi.

Mngetarajia sheria mpya zingerekebisha hilo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile inayosimamiwa na serikali kuu badala ya kijiji, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo haina maneno hayo. Kati ya sheria hizo mbili, shamba lililolazwa mwaka wa tisa na malisho yanayosubiri mvua yanaweza kuitwa ardhi isiyotumika na mtu yeyote mwenye haraka.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Kijiji kinapopimwa, shamba liandikwe pamoja na vipande vyake vilivyolala, na mwaka wa kila kipande kulazwa utajwe. Malisho yaandikwe kwa msimu: haya ya mvua, haya ya kiangazi, hii njia ya kupitisha mifugo. Si jambo geni kabisa, kwani vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto viliunganisha malisho yao katika mpango mmoja wa matumizi ya ardhi uitwao OLENGAPA, ambao jina lake limetokana na majina ya vijiji hivyo. Mpango wa namna hiyo una upungufu wake. Ukame mkubwa huwasukuma wafugaji mbali kuliko mipaka ya vijiji vitatu, mara nyingine hadi wilaya nyingine, na huko hawana karatasi yoyote. Hilo litahitaji makubaliano ya wilaya kwa wilaya, yaliyoandikwa mwaka wa mvua nzuri, kabla njaa haijafika mezani pamoja na wajumbe.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi