Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: hela zetu zinazoshikiliwa siku 180

Mheshimiwa Gavana, shikamoo.

Nauza vikapu vya milulu vya Iringa mtandaoni, wateja wangu wengi wako nje na wanalipa kwa kadi, kwa hiyo lazima nipitie kampuni ya kupokea malipo. Wakati najiunga niliambiwa makato ni asilimia 3.5, basi. Oda zilipoanza kuingia ndo nikakuta kuna salio lingine limeandikwa `Reserve`, kuuliza naambiwa wewe ni muuzaji mpya, asilimia 10 ya kila mauzo tunaishika siku 180, na inayobaki unalipwa baada ya siku 7.

Sababu yao naielewa. Mteja wa kadi anaweza kwenda benki yake akasema mzigo haujafika, na kwa Visa na Mastercard mara nyingi ana siku 120 za kulalamika, akirudishiwa hela kampuni inanidai mimi, nisipopatikana hasara inabaki kwao. Sawa. Ila angalia inavyoniumiza.

Tuseme wiki moja nimeuza 500,000. Wasukaji, usafiri, kufunga na posta vinakula 425,000, na wasukaji wanalipwa keshi hapo hapo, hakuna mama atakayesubiri miezi sita. Inabaki 75,000, toa makato 17,500, toa rizevu 50,000, mkononi nabaki na 7,500. Na hata hiyo inakuja wiki ijayo, wakati wasukaji nimeshawalipa kutoka mfukoni.

Wiki 26 zikipita rizevu imefika 1,300,000, jumlisha 432,500 ya mauzo ya wiki inayosubiri kulipwa baada ya makato na rizevu, ni 1,732,500 yangu ambayo siwezi kununulia hata kikapu kimoja. Baada ya hapo wanaanza kuachia 50,000 kila wiki lakini 50,000 nyingine inaingia, so ile 1,300,000 haitoki mpaka niache kuuza au masharti yabadilike. Na biashara ikikua ndo balaa, nikiuza milioni kwa wiki wanashika 100,000 huku wanaachia 50,000 ya mauzo ya miezi sita iliyopita, yaani oda zinaongezeka na keshi inakauka, mtu anaenda kukopa kwa riba huku ana hela yake mwenyewe imekaa!

Mheshimiwa, leseni za hizi kampuni mnatoa nyie. Naomba muwalazimishe waseme asilimia na siku kabla mtu hajasaini, na tarehe ya kila hela kuachiwa ionekane. Malipo ya simu wasiyakate rizevu ya kadi, kwangu wanaikata hata kwenye hayo ya simu. Baada ya siku 90 muuzaji asiye na malalamiko na mwenye namba za posta kuonyesha mizigo ilifika apunguziwe. Na rizevu ikae akaunti ya amana benki kama hela za wateja wa pesa za simu zinavyotakiwa kukaa, maana kampuni ikifilisika leo, sijui 1,300,000 yangu nitaidai kwa nani.