Nani aliyefukuzwa, dereva au mkurugenzi?

Mhariri,

Kile kichwa cha habari cha Jumanne iliyopita, "Dereva wa mkurugenzi aliyefukuzwa kazi ashinda kesi", bila shaka unakikumbuka, maana Alhamisi mliomba radhi kwa mistari miwili chini ya matangazo madogo. Nimelisoma gazeti hili kwa miaka kumi na saba na sijawahi kukuandikia. Leo nimeshika kalamu kwa sababu mistari ile miwili ilisema kwamba "baadhi ya wasomaji walikielewa vibaya" kichwa hicho. Hatukukielewa vibaya. Kilikuwa na maana mbili, na kila mmoja wetu alishika iliyomjia kwanza.

Kazini kwetu watu wanne walikisoma, watatu wakaondoka wakiamini kwamba mkurugenzi ndiye aliyetimuliwa. Ni mmoja tu aliyefika aya ya tatu, ambako mwandishi wenu anaeleza kwamba mkurugenzi bado yuko ofisini kwake na aliyefukuzwa ni dereva. Sasa waombwe radhi akina nani? Neno "aliyefukuzwa" lilikuwa na haki ileile ya kurudi kwa dereva na ya kurudi kwa mkurugenzi, na hakuna chochote katika sentensi yenu kilichomzuia msomaji.

Kwa kawaida Kiswahili hutukinga na balaa hili. Ukiandika "gari la mkurugenzi lililokamatwa" tunajua limekamatwa gari. Ukiandika "gari la mkurugenzi aliyekamatwa" tunajua amekamatwa mwenye gari. Kazi yote hiyo inafanywa na upatanisho wa ngeli. Lakini kinga hiyo hukatika pale nomino mbili zilizounganishwa zinapokuwa na upatanisho mmoja, kwa kuwa hapo kitenzi hakiwezi tena kuonyesha kinamfuata nani. Na watu wote tunawapatanisha kwa a- na wa-, hata pale jina lenyewe linapoanza kwa ki-, kama kijana au kiongozi. Kwa hiyo habari za watu, ambazo ndizo zinazojaza ukurasa wenu wa kwanza, ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Si utata wa neno, kama "paa" la nyumba na "paa" wa porini. Kila neno katika kichwa chenu liko wazi. Kilichofichika ni uhusiano wa neno na neno, na ndiyo maana aliyekiandika hakuona kitu: yeye alishaijua habari, kwa hiyo aliisoma maana moja tu.

Kuna njia ya kuzitoa nje maana zote mbili, na haichukui hata dakika moja. Badilisha nomino moja iwe ya wingi, uiache ya pili katika umoja. "Madereva wa mkurugenzi waliofukuzwa kazi." "Madereva wa mkurugenzi aliyefukuzwa kazi." Hapo sentensi inakulazimisha uchague, na ukishajikuta unaweza kuchagua, jua kwamba kichwa chako kina ufa. Usizibadilishe zote mbili, maana "madereva wa wakurugenzi waliofukuzwa" inakurudisha palepale. Na jaribio hili halikwambii mwandishi alikusudia ipi. Linakuonyesha tu kwamba ziko mbili.

Najua haya kwa sababu yalinigharimu. Nilikuwa karani wa ghala, na mkataba wangu ulikuwa na kifungu hiki: "Mfanyakazi atalipwa posho ya kazi ya ziada iliyoidhinishwa na meneja." Nilikisoma kabla ya kutia saini na sikuona tatizo. Mwezi mmoja tukawa na kazi ya kuhesabu mali yote ya ghala, nikabaki kazini jioni baada ya jioni mpaka zikafika saa 46 za ziada, na kila jioni kabla sijaanza meneja alinisainia fomu. Mwisho wa mwezi posho haikuja. Nilipomwendea afisa utumishi na fomu zangu mkononi, alizipitia moja moja kwa utulivu kabisa, kisha akaniambia kwamba fomu hizi zinaonyesha meneja aliidhinisha kazi, wakati kifungu kinataka iidhinishwe posho, na posho haikuidhinishwa na mtu yeyote. Nilidhani ananitania. Nilirudi nyumbani nikakisoma kifungu kile usiku kucha, na kilichonichoma zaidi kuliko saa zenyewe ni kwamba sarufi haikumkatalia. Posho iliyoidhinishwa. Kazi iliyoidhinishwa. Zote mbili ni ngeli moja, zote zinachukua i-, na neno "iliyoidhinishwa" limekaa pale mwisho likiwatumikia mabwana wawili. Hata ukiligeuza kuwa "ambayo imeidhinishwa", kama wanavyopenda kufanya wanaodhani kwamba sentensi ikirefushwa inakuwa salama, hujaponya kitu, kwa sababu "ambayo" nayo inawafaa wote wawili.

Wakili wa chama chetu cha wafanyakazi ndiye aliyenifungua macho. Hapa wingi usingesaidia sana, kwa kuwa "kazi" kwa maana hii hatuihesabu, basi yeye akabadilisha nomino badala ya idadi. Alifuta "posho", akaweka "malipo", ambayo ni ya ngeli nyingine, akaandika sentensi mbili, moja juu na nyingine chini:

"Malipo ya kazi ya ziada iliyoidhinishwa na meneja."

"Malipo ya kazi ya ziada yaliyoidhinishwa na meneja."

Chini ya kila moja akaeleza nani anadaiwa nini. Kwa sentensi ya kwanza, meneja akishasaini fomu na kazi ikafanyika, mwajiri anadaiwa. Kwa ya pili, mfanyakazi anafanya kazi kwanza, halafu anasubiri meneja aamue kama atamlipa. Karatasi ile moja ilisema zaidi ya barua zote nilizokuwa nimeandika, kwa sababu kabla ya hapo mimi nilikuwa nabishana kuhusu haki yangu huku mwenzangu akibishana kuhusu sentensi.

Tulikuwa na hoja tatu. "Kazi" iko karibu zaidi na kitenzi kuliko "posho", na wanasheria wana mazoea ya kuliambatisha fungu la mwisho na nomino iliyo jirani yake. Lakini wakili alinionya kwamba hayo ni makisio tu, na maana ya mkataba mzima inaweza kuyaangusha. Halafu kuna kanuni yenye mizizi katika sheria ya Kirumi, kwamba kifungu chenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyekiandika. Hiyo nayo, alisema, kwa kawaida hufikiwa mwishoni, baada ya kuangaliwa vifungu vingine na mwenendo wa pande zote mbili. Ni mwenendo huo uliotuokoa: kwa miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wakitulipa kwa fomu zilezile bila idhini ya pili. Nililipwa baada ya miezi saba. Kifungu hakikubadilishwa. Vijana wanaoajiriwa sasa bado wanakitia saini, na mimi, ambaye leo ndiye mwakilishi wao, nawaonyesha ile karatasi ya wakili kabla hawajashika kalamu.

Asije mtu akaniambia kwamba haya ni mambo ya makarani wa ghala. Kanada, kampuni mbili kubwa za mawasiliano, Rogers na Aliant, ziligombana kuhusu mkataba wa kutumia nguzo. Kifungu kilisema kwamba mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukisitishwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Je, notisi hiyo inahusu vipindi vya baadaye tu, au hata ile mitano ya mwanzo? Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliitazama koma iliyotangulia "isipokuwa" ikaamua kwamba notisi inagusa vyote, kwa hiyo Aliant inaweza kujitoa mapema. Mwaka 2007 tume hiyohiyo ikageuza uamuzi, kwa sababu kifungu hicho kilikuwapo pia kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa kilisomeka kwa njia moja tu. Walifanya kile alichofanya wakili wangu kwa neno "malipo": waliipitisha sentensi katika umbo ambalo haliwezi kuficha chaguo. Kampuni hizo zilikuwa na mawakili wa kila aina, na bado koma iliwaponyoka.

Nirudi kwako, Mhariri, maana si dereva yule tu. Wiki tatu kabla yake mliandika: "Mwenyekiti amshtaki katibu baada ya kumpiga." Nani alimpiga nani? Ufanye jaribio lilelile, uweke makatibu. "Mwenyekiti awashtaki makatibu baada ya kuwapiga": mpigaji ni mwenyekiti. "Mwenyekiti awashtaki makatibu baada ya kumpiga": mpigwa ni mwenyekiti. Katika umoja wenu mliyatupa yote mawili kapuni, na ninyi mlikuwa mnaandika habari ya mtu anayetuhumiwa kosa la jinai. "Baada ya kupigwa" ingetosha, na haiongezi hata herufi moja.

Na huko kuomba radhi kwenu kunaniudhi kupita kosa lenyewe. Kichwa kinakaa ukurasa wa kwanza kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara; masahihisho yanakaa ndani, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, na hayataji hata maneno yaliyokosewa. Mtu aliyesoma kichwa tu, ambaye ndiye hasa mliyempotosha, hatayafikia hayo masahihisho. Mwenye mkataba mbovu huandika kifungu kibaya kwa herufi ndogo. Ninyi mnaandika ukweli kwa herufi ndogo.

Ombi langu ni hili. Kila jioni, kabla ukurasa wa kwanza haujaenda mtamboni, wapeni vichwa watu wawili ambao hawajasoma habari, mmoja hapa na mwingine chumba kingine, kila mmoja na penseli. Chini ya kila kitenzi waandike jina la mtendaji na la mtendwa, bila kuulizana. Majibu yakitofautiana, kichwa kiandikwe upya, na asisikilizwe anayesema kwamba nafasi haitoshi. "Dereva aliyefukuzwa kazi ashinda kesi" ni kifupi kuliko chenu, na mkurugenzi angeweza kusubiri mstari wa kwanza wa habari.

Na Jumanne ijayo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi zilezile, andikeni: "Aliyefukuzwa kazi ni dereva, mkurugenzi yuko ofisini."

Mwakilishi wa wafanyakazi, karani wa ghala wa zamani