Zoezi la kesho: unga wa muhogo

Wapendwa, habari za jioni. Kesho saa 2:00 asubuhi tukutane maabara, hapa Tanga, kwa zoezi la mwisho kabla ya mtihani. Mchango sh. 2,000, njoo na koti na kikokotoo.

Kabohaidreti hatuipimi, tunaipata kwa kutoa: 100 − (maji 12 + majivu 2 + protini 1.5 + mafuta 0.5) = 84%, nyuzinyuzi zikiwemo. Ukiwahi kutoa sampuli kwenye oveni ya 105°C, maji yakasomeka 9, kabohaidreti inapanda hadi 87. Hutashtuka, maana jumla bado ni 100! Basi poozeni kwenye desiketa, pimeni, rudisheni ovenini saa moja, pimeni tena mpaka uzito utulie.

Atakayekuja aandike "Nipo" kabla ya saa 3:00 usiku, tafadhali.